Piki flo imepanda ikashuka tena kabla ya masaa 4: aongeze inhela ya buluu au twende hospitali?

Mama Zawadi (saa 4:15 asubuhi)

Hamjambo wanajamvi. Mdogo wangu ana miaka 24, ana pumu, na kliniki ilimwandikia mpango wa rangi tatu. Namba yake bora ya piki flo, yaani kasi ya kupuliza pumzi kwenye mita, ni 420. Kijani ni 340 kwenda juu, manjano ni kati ya 210 na 340, nyekundu ni chini ya 210. Kwenye manjano wameandika salbutamoli, hiyo inhela ya buluu, mipulizo 4 kwa spesa, kile kichupa cha plastiki cha kuvutia dawa, apime tena baada ya dakika 20, "isipopanda rudia". Basi, hakuna neno lingine.

Leo saa moja asubuhi alipuliza 315. Akavuta mipulizo 4, baada ya dakika 20 ikasoma 350, akaendelea na shughuli zake. Sasa hivi imesoma 300. Mpango hausemi lolote kuhusu kupanda halafu kushuka. Aongeze iwe 6 au 8? Ama tuhesabu kama mwanzo mpya, mipulizo 4 tena? Inhela ya kahawia, ile ya steroidi ya kila siku, anavuta mipulizo 2 asubuhi na 2 jioni, haruki.

Kaka Dan

Pole mama. Hiyo 300 sijaielewa, hii yetu ya kubana kidoleni huwa inasoma 97 au 98. Ikiwa juu ya 94 mambo ni sawa, msiwe na wasiwasi. Mpimeni na hiyo kwanza.

Muuguzi wa Kifua

Mama Zawadi, kabla ya namba: anaongea sentensi nzima bila kukatika? Amekaa kawaida au ameinama mbele akishika magoti? Midomo ina rangi yake? Kama lolote kati ya hayo haliko sawa, achana na mita na mwende hospitali sasa, akivuta salbutamoli njiani.

Kaka Dan, hicho cha kidoleni kinapima oksijeni kwenye damu. Mita anayouliza mama inapima kasi ya pumzi inavyotoka, lita kwa dakika. Mtu wa pumu anaweza kuwa na oksijeni 97 huku njia za hewa zimebana sana, kwa sababu anapumua haraka na kwa nguvu kufidia. Oksijeni ikianza kuporomoka, mtu ameshachoka. Kwa hiyo 97 nzuri isimzuie mtu kufuata mpango wake.

Mama Zawadi

Anaongea sawa, anatembea nyumbani. Anakohoa na anasema kifua kinapiga mluzi akitoa pumzi. Midomo ni kawaida.

Baba Tito

Mama, tatizo linaweza kuwa upimaji. Lazima asimame, avute pumzi mpaka mwisho, afunge midomo vizuri, apulize mara tatu. Halafu chukua wastani wa zile tatu. Na hiyo 420 mliitoa wapi? Ndani ya boksi la mita kuna jedwali la urefu na umri, tafuta namba ya kijana wa miaka 24 na utumie hiyo. Ukishajua rangi, kama ni manjano endelea na buluu mpaka irudi kijani. Ndiyo kazi yake.

Mfamasia Ngara

Baba Tito, kusimama na kujaza pumzi umesema vyema, lakini wastani hapana. Anapuliza mara tatu na kuandika namba ya juu kabisa. Kosa la kawaida kwenye mita hii ni kupuliza kwa nguvu pungufu, na ukichukua wastani unamhesabia pia ule mpulizo aliozembea. Mbili za juu zikipishana zaidi ya 40, arudie, maana hapo bado hajapata nguvu yake halisi.

Kuna namna mbili tatu namba inavyodanganya, mama, na ni vizuri uzikague sasa hivi. Kidole kikigusa mshale au kuziba ule mfereji wake, namba inashuka. Mshale usiporudishwa sifuri, unasoma mpulizo wa mara iliyopita. Pumzi ikivuja pembeni mwa mdomo, inashuka. Na kuna moja inayopandisha: mtu akiziba mdomo wa mita kwa ulimi kisha akaachia ghafla kama anayetema, mshale unaruka juu sana bila mapafu kuhusika. Ukiona mpulizo mmoja umepita wenzake kwa 80 au 100, angalia mdomo wake wakati anarudia.

Jedwali la boksi ndilo lenye hatari zaidi hapa. Kijana mrefu wa miaka 24 jedwali linaweza kumpa 600 na ushee. Asilimia 80 ya 600 ni 480. Huyu akiwa mzima kabisa anapuliza 420, kwa hiyo kwa jedwali angekuwa manjano kila siku ya maisha yake, na baada ya wiki mbili hakuna atakayeiamini tena ile rangi. Mpango hutengenezwa kwa namba bora ya mtu mwenyewe.

Mama, rudia kipimo mara tatu kwa uangalifu huo. Na uniambie hiyo 420 ilipatikanaje.

Mama Zawadi (saa 4:40)

Amerudia: 290, 300, 285. Na ile 420 walimpima siku moja kliniki, kwa mita yao. Hii ya nyumbani tulinunua baadaye.

Muuguzi wa Kifua

Basi 300 ni ya kweli. Sasa jibu la swali lako.

Kwa 420, 300 ni asilimia 71. Yuko manjano. Mipulizo 4 tena ni sahihi na ni salama, mmoja mmoja: tikisa inhela, bonyeza mara moja kwenye spesa, avute na kutoa pumzi mara 4 hadi 6 kupitia spesa, subiri nusu dakika hadi dakika moja, kisha mpulizo unaofuata. Usibonyeze minne kwa mpigo, dawa nyingi itaishia kwenye kuta za plastiki. Pima baada ya dakika 20. Ikiwa bado chini ya 340, mipulizo 4 mingine, na baada ya dakika 20 pima tena. Mipango mingi inaruhusu mizunguko 3 ya namna hiyo ndani ya saa moja. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio kunatarajiwa.

Lakini usishike hesabu ya mipulizo ukaacha jambo lenyewe. Salbutamoli ikifanya kazi sawasawa inamshikilia mtu masaa 4 hadi 6. Yake imeisha kwa masaa 3 na kitu, na imerudi chini kuliko ilivyokuwa asubuhi: 315, halafu 300. Salbutamoli inalegeza misuli inayobana njia ya hewa. Haiondoi uvimbe wala makohozi mazito ndani yake. Dawa ikipandisha namba kisha ikaanguka mapema hivyo, uvimbe ndio unaoongoza, na mipulizo 8 haitaugusa. Kwa hiyo vuta sasa, na upige simu kliniki sasa, vyote viwili. Usingoje kuona kama mzunguko wa pili utafaulu ndipo upige.

Mfamasia Ngara

Nakubaliana na muuguzi, ila hiyo 420 inanisumbua. Siku moja, mita nyingine. Mita mbili za kampuni tofauti, hata za kampuni moja, zinaweza kupishana kwa mtu yuleyule. Na siku moja ya kliniki mara nyingi si siku bora ya mtu, mara nyingi ndiyo siku alipoenda kwa sababu kifua kilikuwa kibaya.

Tuseme bora yake ya kweli ni 480. Hapo 300 si asilimia 71 tena, ni 62 na kitu. Miongozo ya kimataifa ya GINA inaweka mstari wa kuanza vidonge vya steroidi vya prednisoloni kwa mtu mzima pale namba inaposhuka chini ya asilimia 60 ya bora, au asipopata nafuu baada ya masaa 48 licha ya kuongeza dawa. Kwa 420, mstari huo uko 252. Kwa 480, uko 288. Unaona tofauti? Ile mipulizo ya 290 na 285 inaangukia pande zote mbili za mstari. Kwa kuwa hatujui, tumchukulie kama yuko karibu na mstari.

Na hilo ndilo pengo la mpango wenu. Manjano ya 210 mpaka 340 ni shamba kubwa mno kuwa na amri moja tu. Mtu wa 330 na mtu wa 220 hawapaswi kufanya kitu kimoja.

Shiru wa Githurai

Naomba kuuliza hapo hapo. Mimi inhela yangu ni moja tu, ya budesonidi na formoteroli, ile ya 160/4.5, asubuhi na jioni na pia nikibanwa. Hiyo mipulizo 4 kila dakika 20 nami naifuata?

Mfamasia Ngara

Hapana, Shiru. Mpango wako ni wa aina nyingine. Kwa hiyo ya 160/4.5 unavuta mpulizo 1 ukibanwa, unasubiri dakika chache, ukihitaji unaongeza mwingine. Kwa mtu mzima kikomo ni mipulizo 12 kwa siku nzima, ukihesabu na ile ya asubuhi na jioni. Uzuri wake ni kwamba kila ukiongeza ya kutuliza umeongeza na steroidi ya kupunguza uvimbe, jambo ambalo buluu haifanyi. Lakini hakikisha daktari ameandika kwamba inhela yako ni ya matumizi yote mawili, kwa sababu kuna inhela za mchanganyiko zenye dawa nyingine, mfano salmeteroli, ambazo hazitumiki kutuliza kabisa. Mipulizo ikianza kukaribia 12, hiyo ni siku ya kuonana na daktari.

Mama Zawadi (saa 5:35)

Mzunguko wa kwanza, 4, baada ya dakika 20: 320. Mzunguko wa pili, 4, baada ya dakika 20: 325. Nimepiga simu kliniki, wamesema tuje kabla ya saa nane. Nafanya mzunguko wa tatu au niondoke?

Muuguzi wa Kifua

Ondokeni, na huo wa tatu avute mkiwa mnajiandaa. Angalia mfuatano wa kilele baada ya dawa: asubuhi mipulizo 4 ilimfikisha 350, sasa mipulizo 8 imemfikisha 325. Dawa maradufu, kilele kimeshuka. Hata asiporudi chini tena, hiyo peke yake inatosha.

Beba mita yenu, spesa, inhela zote mbili na karatasi yenye namba na saa. Daktari akiona 315, 350, 300, 320, 325 na saa zake ataelewa haraka kuliko maelezo yoyote. Namba ikifika 210 au chini yake njiani, au akishindwa kumaliza sentensi, usiendelee na safari ya kliniki. Ingieni hospitali ya karibu yenye idara ya dharura, na njiani mpe hadi mipulizo 10, mmoja mmoja kwa spesa. Kama mko Umoja, Mama Lucy iko karibu kuliko kuanza kupambana na msongamano wa Jogoo Road.

Baba Tito

Na kama inhela imeisha bila kujua? Mimi huwa naitumbukiza kwenye maji, ikielea iko tupu.

Mfamasia Ngara

Swali zuri, jibu la maji si zuri. Kuelea au kuzama hakuelezi kiasi cha dawa, na maji yanaweza kuziba tundu la kutolea. Inhela ya salbutamoli kwa kawaida ina mipulizo 200. Baada ya hapo gesi huendelea kutoka, unasikia sauti na unaona mvuke, lakini dawa haijulikani imebaki kiasi gani. Kama haina kaunta, andika tarehe ya kufungua kwenye kopo na uhesabu. Mtu aliyevuta mipulizo 16 kwa siku moja kama huyu amekula karibu sehemu moja ya kumi na mbili ya kopo asubuhi moja. Pia kopo jipya, au lililokaa siku nyingi bila kutumika, hupulizwa hewani kwanza kama karatasi yake inavyosema.

Ndiyo maana "dawa haijapandisha namba" wakati mwingine ni kopo tupu. Lakini hilo hukaguliwa siku mtu akiwa mzima. Leo hawana muda wa kulichunguza.

Dada Achieng

Naomba nipingane kidogo na ile asilimia 80. Kuna watu ambao kila alfajiri namba inashuka, ikifika saa nne imerudi yenyewe. Ukiwapa mipulizo 4 kila asubuhi kwa sababu karatasi imesema manjano, wanaishi kwa buluu. Kuna mipango inayoweka mstari kwa asilimia 75. Pia hii baridi ya Julai hapa Nairobi, nusu ya watu watakuwa manjano kila asubuhi.

Muuguzi wa Kifua

Dada Achieng, 75 au 80 ni jambo la daktari na mgonjwa wake, sitabisha. Ila huo mteremko wa kila alfajiri wenyewe ni habari. Namba ya asubuhi huwa chini kidogo ya jioni kwa kila mtu, lakini ikizoea kupishana sana, pumu haijadhibitiwa, na tiba yake ni kurekebisha dawa ya kila siku. Ukishusha mstari mpaka 75 ili asubuhi zionekane kijani, umenyamazisha kengele badala ya kuangalia moshi unatoka wapi.

Niulizeni mimi na nitasema hatua ya kwanza ya manjano isiwe buluu peke yake. Wengine wanaandika kwamba mtu akiingia manjano inhela ya kahawia nayo ipandishwe mara 4 kwa muda.

Mfamasia Ngara

Hapo ndipo tunapotofautiana, muuguzi. Kuipandisha mara 2 hakujaonekana kusaidia. Mara 4, kuna utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2018 kwa watu wazima uliopata faida, lakini ya wastani, na mwaka huohuo utafiti wa watoto waliopandishiwa mara 5 haukuona faida. Tena kwa nguvu ya kopo la kahawia linalopatikana sana hapa, mara 4 ya mipulizo 2 ni mipulizo 8 asubuhi na 8 jioni. Ni wangapi watafanya hivyo wiki nzima? Mimi naona afadhali kuhamia inhela moja ya budesonidi na formoteroli kwa anayeweza kuipata, kuliko kumwandikia mtu hesabu ambayo hataifuata.

Muuguzi wa Kifua

Kwa anayeweza kuipata, ndiyo. Kwa asiyeweza, bado ningetaka karatasi iseme kitu kuhusu steroidi kabla ya kufika prednisoloni.

Mama Zawadi (saa 12:20 jioni)

Tumerudi. Alipofika alipuliza 285 kwa mita yetu. Wakampa mashine ya mvuke, akapanda 370. Wamempa prednisoloni miligramu 40 kwa siku, siku 5, ya kwanza amemeza hukohuko. Wamesema tukiona amepona tupime bora yake upya kwa mita ya nyumbani, na tuwarudie wauandike mpango upya. Nimejaribu kuandika rasimu ya kuwapelekea, naombeni mniangalizie:

"Kila asubuhi na jioni apime mara tatu, aandike ya juu. Chini ya asilimia 80: mipulizo 4, pima baada ya dakika 20, rudia hadi mizunguko 3 ndani ya saa moja. Isiporudi juu ya 80 baada ya saa moja, au ikirudi kisha ikashuka tena kabla ya masaa 4: daktari siku hiyohiyo. Chini ya asilimia 60: anza prednisoloni kama daktari alivyoandika na piga simu. Chini ya asilimia 50: mipulizo hadi 10 na hospitali moja kwa moja."

Mfamasia Ngara

Iko vizuri sana. Nyongeza mbili. Andika namba zenyewe za mita, si asilimia. Saa tisa usiku hakuna anayetaka kutafuta asilimia 60 ya 450. Mita ina alama za kumi kumi, kwa hiyo panda juu: 252 iwe 260. Na mstari wa prednisoloni uwe na maana tu kama dawa yenyewe iko nyumbani na daktari ameandika kiasi. Muombeni kabisa.

Muuguzi wa Kifua

Na "asubuhi na jioni" iandike "kabla ya inhela yoyote". Akipima dakika kumi baada ya buluu, anapima dawa, hapimi mapafu. Hivi sasa akiwa kwenye prednisoloni apime asubuhi na jioni, na kila akihitaji buluu apime kabla na dakika 20 baadaye. Akihitaji buluu tena kabla ya masaa 4 huku yuko kwenye vidonge, mrudi usiku huohuo, asingoje asubuhi.

Kuhusu bora mpya: msiichukue hii 370 ya baada ya mashine. Subirini amalize dawa, awe hakohoi, analala usiku wote, kisha pimeni wiki 2 asubuhi na jioni. Namba ya juu iliyojirudia ndiyo yake. Ikiwa mmoja tu umeruka juu ya wenzake wote, uacheni.

Mama Zawadi

Nimebadilisha. Spesa naosha vipi, maana ndani kuna vumbi jeupe?

Mfamasia Ngara

Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, acha ikauke yenyewe wima. Usiifute ndani kwa kitambaa, inajaza umeme tuli na dawa inanata kwenye kuta badala ya kufika kifuani. Mita nayo vivyo hivyo, maji ya sabuni, kung'uta, ikauke kabisa kabla ya kupima. Mshale ukibaki na unyevu unakwama.